Kijiti cha kulengea shabaha: kupima eneo mfu na kuchora mkunjo unaotii kidole

"Kaka, ukigusa kidogo hakuna kitu. Ukiongeza kidogo tu, shabaha inaruka."

Aliyeniambia hivyo ni kijana niliyemwomba ajaribu gemu langu la kufyatua, kwenye kibanda cha gemu cha mtaani kwetu. Pedi aliyoshika ilikuwa imechezewa kutwa kucha kwa miezi mingi, mpira wa kijiti umeshalika. Nyumbani, kwenye pedi yangu ambayo ilikuwa bado mpya, sikuwahi kuona tatizo hilo hata mara moja. Kumbe sentensi yake ilikuwa imebeba makosa mawili kwa pamoja. "Hakuna kitu" maana yake eneo mfu, ile sehemu ya katikati ambayo gemu huipuuza, lilikuwa kubwa mno. "Inaruka" maana yake nililikata eneo hilo bila kuipanga upya thamani inayobaki. Nilirudi nyumbani nikaandika upya sehemu yote inayosoma kijiti, na haya ndiyo niliyoyafanya, kwa mpangilio ule ule. Natumia Godot 4, lakini hesabu ni ile ile kwenye injini yoyote.

Kijiti kinasema nini kabla hujakigusa

Kwenye pedi nyingi, chini ya kijiti kuna potenshiomita mbili, moja ya kushoto na kulia, nyingine ya juu na chini. Ndani ya kila moja kuna ulimi mdogo wa chuma unaoteleza juu ya utando wa kaboni, na mahali uliposimama ndipo panapoamua namba inayotoka. Springi ndiyo inayorudisha kijiti katikati. Sasa springi hairudishi kijiti mahali pale pale kila mara. Ukikiachia kikitoka kulia kitasimama kulia kidogo ya kitovu, ukikiachia kikitoka juu kitasimama juu kidogo. Utando nao unalika sehemu inayosuguliwa zaidi, yaani karibu na katikati, na vumbi la kaboni linabaki humo humo. Ndiyo maana pedi ya zamani hutoa namba hata ikiwa mezani haijaguswa na mtu, na wachezaji husema analogi inajivuta. Pedi zenye kihisio cha sumaku hazina msuguano huo, lakini zina springi kama nyingine, kwa hiyo nazo hazirudi kwenye sifuri kamili.

Eneo mfu ni duara dogo kuzunguka kitovu ambamo gemu linajifanya halioni kitu. Likiwa dogo mno, kamera inatambaa yenyewe. Likiwa kubwa mno, kidole kinasukuma na hakuna kinachotokea, kisha mchezaji anasukuma zaidi ya alivyokusudia na kuipita shabaha. Kwa hiyo ukubwa wake hatuubahatishi. Tunaupima.

Hatua ya kwanza: pima

Weka kodi hii kwenye nodi yoyote, uendeshe gemu, na uangalie namba zinavyopita:

```gdscript
func _process(_delta: float) -> void:
    var v := Vector2(
        Input.get_joy_axis(0, JOY_AXIS_RIGHT_X),
        Input.get_joy_axis(0, JOY_AXIS_RIGHT_Y))
    print("%.3f  %.3f  %.3f" % [v.x, v.y, v.length()])
```

Namba mbili za kwanza ni mihimili yenyewe, kutoka -1 hadi 1. Ya tatu ni umbali wa kijiti kutoka katikati, na hiyo ndiyo tutakayoishughulikia muda wote. Nimetumia `get_joy_axis` kwa makusudi. `Input.get_vector` inakata eneo mfu yenyewe kabla ya kukupa jibu, na huwezi kupima kitu ambacho kimeshasafishwa.

Kwanza sukuma kijiti hadi ukingoni, kiachie ghafla, subiri kitulie, kisha uandike namba ya tatu. Rudia mara ishirini, ukibadilisha upande unakotokea: kulia, juu, mshazari, kote. Rudia tena ukikirudisha taratibu kwa kidole, kwa sababu hapo springi inakuwa na nguvu kidogo na kijiti hukwama mbali zaidi. Namba unayoitafuta ni kubwa kuliko zote. Wastani hautakusaidia, maana siku kijiti kitakaposimama nje ya wastani kamera itaanza kutembea.

Kwenye pedi ya kibanda, nilipoiomba kwa jioni moja, kijiti kikiwa kimetulia kwa kawaida kilitoa karibu 0.07 upande wa kulia na -0.05 juu, ambayo ni umbali wa 0.086 hivi. Lakini katika zile mara ishirini kilifika hadi 0.11. Nikaongeza nafasi kidogo, nikaweka mpaka wa ndani 0.13.

Kisha zungusha kijiti polepole ukikibana kwenye ukingo, mizunguko mitatu kila upande, na utafute umbali mdogo kuliko wote unaoonekana ukingoni. Wengi husahau kipimo hiki. Tunadhani kijiti kikifika mwisho lazima kitoe 1.0, lakini pedi hii ilitoa 1.0 kulia, 0.97 juu, na 0.95 tu mshazari wa juu kushoto. Mtu anayetaka kugeuka haraka kuelekea upande huo asingefikia kasi kamili hata akivunja kidole. Nikaweka mpaka wa nje 0.93. Pedi nyingine zina kasoro ya kinyume, mshazari unazidi 1.0, na hiyo tutaifunga kwenye hesabu.

Hatua ya pili: kata duara, si mihimili

Njia inayomjia mtu haraka ni kuukagua kila mhimili peke yake: kama x ni chini ya 0.13 iwe sifuri, kama y ni chini ya 0.13 iwe sifuri. Inaonekana sawa, na kwenye menyu ni sawa kabisa. Kwenye kulenga inaharibu. Chukua kijiti kilichosukumwa kulia na kupandishwa juu kidogo, x ikiwa 0.5 na y ikiwa 0.1. Mchezaji ameomba mwelekeo wa nyuzi 11 hivi juu ya mstari wa kulia. Wewe umemfutia y yote, na shabaha inakwenda mlalo kabisa. Eneo mfu lako limekuwa msalaba unaofika hadi ukingoni, na kila shabaha inayokaribia mlalo au wima inavutwa na kunata hapo.

Kuligundua kosa hili ni rahisi. Chora duara polepole ukutani kwa alama ya shabaha. Likitoka na pande nne zilizobapa, unakata mihimili.

Dawa ni kupima umbali kutoka kitovu. Umbali ukiwa chini ya 0.13, jibu ni sifuri. Ukiwa juu ya hapo, mwelekeo unabaki kama ulivyo, hauguswi hata kidogo.

Hatua ya tatu: nyoosha kinachobaki

Hapa ndipo palipokuwa na lile neno "inaruka". Kosa langu lilikuwa kuacha namba ghafi ipite baada ya kuvuka mpaka. XInput, maktaba ya Microsoft ya kusoma pedi, inakuja na thamani iliyopendekezwa kwa kijiti cha kulia, `XINPUT_GAMEPAD_RIGHT_THUMB_DEADZONE`, ambayo ni 8689 kati ya 32767, yaani karibu 0.265. Nilikuwa nimeichukua namba hiyo kama ilivyo, bila kupima chochote. Kasi yangu ya juu ya kugeuka ilikuwa nyuzi 220 kwa sekunde. Maana yake kidole kikiwa kwenye 0.264 kamera imesimama, na kikigusa 0.265 kamera inaanza kwenda kwa nyuzi 58 kwa sekunde. Hakuna kilichopo kati ya sifuri na 58. Hakuna kidole kinachoweza kulenga kwa kijiti hicho, na kijana yule alikuwa sahihi kabisa.

Kinachotakiwa ni thamani ianze na sifuri pale pale mpaka wa ndani unapoishia, na ifike 1 pale mpaka wa nje unapoanza:

```
t = (r - ndani) / (nje - ndani)
```

Hapo `r` ni umbali ghafi, na `t` ni umbali uliopangwa upya. Kwa pedi ya kibanda, `ndani` ni 0.13 na `nje` ni 0.93, kwa hiyo chini ya mstari kuna 0.80. Kijiti kikiwa kwenye 0.30, `t` ni 0.17 gawanya kwa 0.80, ambayo ni 0.2125. Jibu likizidi 1, lirudishe kwenye 1. Hapo ndipo tunapofunga ile kasoro ya mshazari unaozidi.

Ukiishia hatua hii tu, tayari umelitengeneza gemu ambalo halijivuti na haliruki. Lakini bado halilengi vizuri, na sababu inaonekana ukipiga hesabu.

Hatua ya nne: mkunjo

Tuseme adui amesimama mita 20 mbele, na kiwiliwili chake kina upana wa nusu mita. Kutoka unaposimama, upana huo ni nyuzi 1.4 hivi. Mchezaji anasukuma kijiti taratibu hadi 0.30 ili alipeleke jicho juu yake. `t` ni 0.2125, na bila mkunjo wowote kamera inakwenda nyuzi 47 hivi kwa sekunde. Kwa kasi hiyo alama ya shabaha inapita juu ya adui mzima kwa sekunde 0.03, ambazo hazifiki hata fremu mbili katika fremu 60 za sekunde. Jicho halijaona, kidole hakijajibu, shabaha imeshapita. Ukipunguza kasi ya juu ili kumsaidia, unamnyima uwezo wa kugeuka nyuma.

Mkunjo wa mwitikio unaitatua kwa kuigawa safari ya kijiti upya: sehemu kubwa ya mwendo wa kidole inapewa kasi ndogo, na kasi kubwa inasubiri ukingoni. Mwanzo na mwisho havibadiliki. Sifuri inabaki sifuri, 1 inabaki 1. Kinachopinda ni njia ya katikati.

Mkunjo unaotumiwa sana ni kipeo cha pili, `t * t`. Kwa 0.2125 unapata 0.045, na kamera inakwenda nyuzi 10 kwa sekunde. Alama inakaa juu ya adui kwa sekunde 0.14, karibu fremu tisa. Tofauti hiyo mtu anaisikia mkononi mara ya kwanza anaposhika.

Hata hivyo nilipokitumia kipeo cha pili peke yake, malalamiko ya "hakuna kitu" yalirudi, ingawa eneo mfu lilikuwa limeshapungua kwa nusu. Ilinichukua muda kuelewa. Mkunjo wa kipeo unaanza ukiwa umelala bapa kabisa. Kwenye `t` ya 0.05 unatoa 0.0025, yaani karibu nusu nyuzi kwa sekunde, mwendo ambao jicho haliuoni. Kwa kipeo cha tatu ni mbaya zaidi, 0.03 tu. Kwa hiyo mkunjo wenyewe umetengeneza eneo mfu la pili lililojificha nyuma ya lile la kwanza, na mchezaji hawezi kuyatofautisha. Kwake yeye kijiti ni kizito tu.

Suluhisho langu, na hadi leo sijaliacha, ni kuchanganya mstari ulionyooka na kipeo cha tatu:

```
k = 0.3 * t + 0.7 * t * t * t
```

Ile 0.3 inahakikisha kamera inaitikia mara tu kidole kinapotoka nje ya eneo mfu. Kwenye `t` ya 0.05 inatoa nyuzi 3.3 kwa sekunde, mwendo mdogo lakini unaoonekana. Kwenye 0.2125 inatoa nyuzi 15 na nusu hivi, na alama inakaa juu ya adui wetu kwa sekunde 0.09, zaidi ya fremu tano. Ni kasi zaidi ya kipeo cha pili, nakubali, lakini mchezaji ana uwezo wa kushuka hadi kasi ndogo zaidi kwa kurudisha kidole kidogo, kwa kuwa kila milimita inajibu. Kulenga kwa umakini kunatokana na hilo, kwamba mkono unaweza kutabiri, kuliko kasi ndogo peke yake.

Uwiano wa 0.3 na 0.7 si sheria. Gemu ambalo maadui wako karibu na wanakimbia litapenda 0.5 kwa 0.5. La kudungua kutoka mbali litapenda 0.2 kwa 0.8. Jumla iwe 1 daima, la sivyo kasi ya juu inabadilika bila wewe kukusudia.

Kosa moja linalostahili kusimamiwa

Mkunjo unapitishwa kwenye umbali, kamwe usiupitishe kwenye x na y kila mmoja kivyake. Nimeliona kosa hili kwenye kodi za watu wengi wanaoanza, na linasumbua kwa sababu gemu linaonekana linafanya kazi. Chukua x ya 0.6 na y ya 0.3. Mwelekeo ni nyuzi 26.6 kutoka mlalo. Ukipandisha kila mmoja kwa kipeo cha pili unapata 0.36 na 0.09, na mwelekeo sasa ni nyuzi 14. Umempindishia mchezaji mkono wake kwa zaidi ya nyuzi 12. Anamfuata adui anayepanda ngazi, na alama inabaki chini ya miguu yake kila mara. Atadhani hajui kucheza.

Ishara yake ukiwa unajaribu: mistari ya mlalo na wima inakwenda vizuri, mshazari wa nyuzi 45 pia unakwenda vizuri, lakini kila kilichopo katikati yao kinapinda kuelekea mhimili ulio karibu. Lile duara la ukutani litakaribia kuwa mraba wenye kona za mviringo.

Hatua ya tano: kuunganisha

Kodi yote ya kusoma kijiti ni fupi kuliko maelezo yake:

```gdscript
var ndani := 0.13
var nje := 0.93
var mstari := 0.3

func soma_kijiti() -> Vector2:
    var v := Vector2(
        Input.get_joy_axis(0, JOY_AXIS_RIGHT_X),
        Input.get_joy_axis(0, JOY_AXIS_RIGHT_Y))
    var r := v.length()
    if r <= ndani:
        return Vector2.ZERO
    var t := clampf((r - ndani) / (nje - ndani), 0.0, 1.0)
    var k := mstari * t + (1.0 - mstari) * t * t * t
    return v / r * k
```

Mstari wa mwisho ndio unaolinda mwelekeo: `v / r` ni mwelekeo mtupu wenye urefu wa 1, na `k` ndiyo inayoupa nguvu. Kisha kwenye mwili wa mchezaji, ambapo `kichwa` ni nodi inayobeba kamera:

```gdscript
func _process(delta: float) -> void:
    var v := soma_kijiti()
    rotate_y(-deg_to_rad(v.x * 220.0) * delta)
    var x: float = kichwa.rotation.x - deg_to_rad(v.y * 140.0) * delta
    kichwa.rotation.x = clampf(x, -1.4, 1.4)
```

Usiache kuzidisha kwa `delta`. Kipanya kinaleta umbali uliokwisha kutembea, kijiti kinaleta kasi, na kasi bila muda itafanya gemu ligeuke mara mbili zaidi kwenye kompyuta yenye fremu 120 kuliko yenye 60. Wima nimeipa nyuzi 140 tu badala ya 220. Kwenye gemu la kutembea ardhini, maadui karibu wote wako usawa wa macho, na kutikisika kwa juu na chini ndiko kunakomkosesha mtu shabaha. Ukipunguza wima, makosa ya kidole upande huo yanapungua bila mchezaji kupoteza kitu anachokihitaji.

Kugeuka nyuma bila kuharibu kulenga

Kwa kasi ya nyuzi 220, kugeuka nyuma kabisa kunachukua sekunde 0.8. Anayepigwa risasi mgongoni ataona ni muda mrefu. Usipandishe 220, kwa sababu mkunjo mzima utapanda nao na hesabu ya adui wa mita 20 itaharibika. Badala yake ongeza kasi ukingoni pekee, tena kwa kuchelewa: `t` ikikaa 1 kwa sekunde 0.15 mfululizo, anza kupandisha kasi kutoka 220 hadi 330 ndani ya sekunde 0.3 zinazofuata. Kugeuka nyuma sasa ni sekunde 0.65 hivi. Kijiti kikitoka ukingoni, irudishe 220 papo hapo, usiishushe polepole. Ukiishusha polepole, mchezaji aliyekwishasimamisha kidole ataona kamera inaendelea kuteleza, na ataipita shabaha kila anapogeuka. Hapa mpaka wa nje wa 0.93 unalipa kwa mara ya pili, maana bila huo ule upande wa 0.95 usingefika 1 na nyongeza hii isingeanza kamwe.

Kwa mlalo pekee, nimetumia nyongeza hii. Kwa wima sijaiona faida yake.

Hatua ya sita: jaribu kwa kazi, si kwa hisia

"Linahisi vizuri" halina maana ukiwa umelicheza gemu lako mwezi mzima, mkono wako umeshalizoea kosa. Mimi hutumia kazi tatu na humpa mtu mwingine azifanye. Ya kwanza, weka pedi mezani sekunde 30 na uangalie kama kamera imesogea. Ya pili, mwambie afuate kwa alama ya shabaha mstari wa mshazari uliochorwa ukutani, polepole, kwenda na kurudi. Ya tatu, weka shabaha mbili ndogo zenye nyuzi 30 kati yake, na mwambie ahame kutoka moja hadi nyingine mara kumi, akisimama juu ya kila moja.

Ya tatu ndiyo yenye mengi ya kusema, ukiangalia kidole na skrini kwa pamoja. Akiipita shabaha kisha kurudi, kuipita tena kwa upande mwingine na kurudi, mkunjo umesimama mno karibu na mwanzo: punguza `mstari`, kwa hatua ya 0.05. Akifika karibu na shabaha kisha kidole kikasukuma mara mbili tatu bila kamera kusogea, kuna eneo mfu lililozidi au mkunjo uliolala: kwanza pima upya `ndani`, na ikiwa ni sahihi ongeza `mstari`. Akifika taratibu lakini safari ya nyuzi 30 yenyewe ikamchosha, kasi ya juu ni ndogo. Badilisha namba moja tu kila jaribio. Ukibadilisha mbili hutajua ipi imefanya kazi.

Kijana wa kibanda alirudia kazi hizo kwa pedi ile ile iliyochoka. Kwenye ile ya shabaha mbili, toleo la zamani lilimfanya asahihishe karibu kila safari. Kwa toleo jipya alisimama juu ya shabaha mara saba kati ya kumi bila kusahihisha. Hakuniambia chochote, aliendelea kucheza.

Eneo mfu linalokatwa mara mbili

Kuna tatizo moja ambalo huwezi kulitatua ndani ya kodi yako, unaweza kulitambua tu. Mchezaji anasema kijiti lazima kisukumwe karibu theluthi ya safari ndipo kiamke, na wewe unajua umeweka 0.15. Mara nyingi kuna programu nyingine kati ya pedi na gemu lako, kama Steam Input, ambayo nayo imekata 0.15 na kuinyoosha thamani. Ya kwako inakata tena juu ya kilichobaki: 0.15, na 0.15 ya ile 0.85, jumla karibu 0.28. Mwombe aendeshe kodi ya kupimia na asukume kijiti polepole mno. Namba zikikaa 0.000 kamili kwa muda kisha zikaanza kupanda, kuna mwingine aliyeshakata kabla yako. Pedi isiyokatwa na mtu haitoi sifuri kamili kwa muda mrefu namna hiyo. Akizima moja kati ya hizo mbili, shida inaisha.

Kwa sababu hiyo, na kwa sababu pedi ya kibanda na pedi mpya si kitu kimoja, usifiche namba hizi. Kwenye menyu ya mipangilio mwekee mchezaji vitelezi vitano: mpaka wa ndani, mpaka wa nje, ukali wa mkunjo, kasi ya mlalo, na kasi ya wima. Juu yake chora duara lenye nukta mbili, moja ya kijiti ghafi na nyingine ya kile gemu linachokiona, ili aone kwa macho nukta ghafi ikitetemeka ndani ya eneo mfu huku nyingine imetulia. Ruhusu mpaka wa ndani ushuke hadi sifuri. Mwenye pedi ya kihisio cha sumaku ataushusha karibu na hapo, na aliyeamua kukata kwenye Steam ataufikisha hapo kabisa. Kisha hifadhi namba hizo kwa kitambulisho cha pedi kinachotolewa na `Input.get_joy_guid(0)`, ili anayechomeka pedi nyingine ya aina tofauti asirithi 0.13 ya pedi iliyochoka, ingawa kwenye Windows Godot huzipa pedi zote za XInput kitambulisho kimoja.

Kwa pedi ambayo haijawahi kupimwa, mimi huanza na 0.15 ndani na 0.92 nje.